Mwongozo kamili: jinsi ya kuandaa hotuba ya kuwaeleza wanachama makubaliano ya awali ya mishahara na kuwaomba wayaridhie

Hotuba za aina hii huanguka mahali pamoja. Kiongozi anapanda jukwaani na asilimia moja nono, anaishukuru kamati, anausifu umoja, kisha anaomba kura. Dakika mbili baadaye mwanachama aliyekaa nyuma ananyanyuka na hati mkononi na kuuliza, "Mbona ukurasa wa sita unasema bonasi imefutwa?" Kuanzia hapo hakuna anayesikiliza tena habari ya asilimia.

Mwongozo huu ni wa katibu au mwenyekiti ambaye kamati yake imekwisha kusaini makubaliano ya awali na mwajiri, na sasa lazima asimame mbele ya waliomtuma. Nimechukulia kwamba mazungumzo yamekwisha na kamati inapendekeza kura ya Ndiyo. Kama kamati haipendekezi, hiyo ni hotuba nyingine kabisa.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuandika

- Hati ya makubaliano yenyewe iliyosainiwa, pamoja na viambatisho vyote. Muhtasari wa mwajiri hautoshi, na ujumbe wa simu wa mjumbe wa kamati hautoshi zaidi.
- Mkataba unaoisha, ili uweze kulinganisha kifungu kwa kifungu.
- Orodha ya madai ambayo wanachama waliipitisha kabla ya mazungumzo. Wao wanaikumbuka kuliko unavyodhani.
- Jedwali la mishahara ya ngazi zote, na slipu tatu za kweli (majina yamefutwa): ya ngazi ya chini, ya kati na ya juu.
- Takwimu rasmi ya mfumuko wa bei kwa kipindi tangu nyongeza ya mwisho.
- Katiba ya chama, iliyofunguliwa kwenye kifungu cha kura ya kuridhia.
- Matokeo ya kura ya ndani ya kamati: wangapi waliunga mkono, wangapi walipinga.

Kikokotoo pia, na mtu mmoja ambaye hakuwa kwenye kamati. Huyo utamhitaji mwishoni mwa hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Isome hati kwa kufuata vitenzi

Anza na hati, uiache hotuba kwanza. Kaa peke yako, chukua kalamu, na zungushia kila kitenzi kinachomhusu mwajiri.

Utagundua viko vya aina mbili. Kuna "atalipa", "ataongeza", "hatapunguza". Hivyo vinamfunga. Halafu kuna "atajitahidi", "atazingatia", "pande mbili zitajadili", "kutegemea hali ya biashara". Hivyo havimfungi kwa lolote, na ndivyo vinavyoingia kwenye hati saa nane usiku wakati kila mtu amechoka na anataka kusaini aende nyumbani.

Hotuba yako ivihesabu kuwa ushindi vile vya aina ya kwanza tu. Kama hati inasema pande mbili zitajadili bima ya afya ndani ya miezi sita, usiseme "tumepata bima ya afya". Sema, "Bima ya afya hatukuipata. Tulichopata ni ahadi ya kukaa mezani ndani ya miezi sita, na ahadi hiyo haina adhabu ikivunjwa."

Angalia vilevile tarehe tatu: nyongeza inaanza kuhesabiwa lini, fedha zitalipwa lini, na mkataba unaisha lini. Hizo mbili za kwanza huchanganywa sana. Nyongeza inaweza kuhesabiwa kuanzia miezi minne iliyopita lakini malimbikizo yake yakalipwa miezi miwili ijayo. Ukisema "tangu Januari" bila kutaja siku ya malipo, mwishoni mwa mwezi watu watafungua slipu zao, wasione kitu, na simu yako haitalala.

Tahadhari: Ukikuta kifungu ambacho wewe mwenyewe hukielewi, usikipangie maneno mazuri. Mpigie mwanasheria wa chama au mjumbe aliyekijadili siku ile. Kifungu usichokielewa ndicho utakachoulizwa.

Utajua umefanikiwa ukiweza kumweleza mtu, bila kutazama karatasi, ni mambo gani mwajiri atakuwa amevunja mkataba asipoyafanya, na yapi anaweza kuyakwepa bila kosa.

## Hatua ya 2: Geuza asilimia kuwa fedha, kisha mtafute anayepata kidogo kuliko wote

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo wengi wanaporuka.

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini wenye umbo ambalo utalitambua. Makubaliano ni ya miaka miwili. Mshahara wa msingi unapanda asilimia 6 mwaka wa kwanza na asilimia 5 mwaka wa pili. Katika nyongeza ya kwanza kuna kiwango cha chini: hakuna atakayeongezwa pungufu ya 24,000 kwa mwezi. Kwa upande mwingine, bonasi ya mwaka ya 60,000, ambayo kila mfanyakazi alikuwa akiipata bila kujali ngazi, inafutwa.

Mtu wa haraka atajumlisha 6 na 5 na kutangaza 11. Mwenye makini zaidi atakumbuka kwamba asilimia 5 ya pili inapigwa juu ya mshahara uliokwisha kupanda, na atatangaza 11.3. Hesabu yake ni sahihi, ila bonasi ameiacha nje.

Bonasi ya 60,000 kwa mwaka ni 5,000 kwa mwezi. Iingize kwenye hesabu ya leo, kisha linganisha na kesho ambako haipo:

| Mshahara wa msingi | Leo, pamoja na bonasi | Mwaka wa 1 | Mwaka wa 2 | Ongezeko halisi kwa miaka miwili |
|---|---|---|---|---|
| 300,000 | 305,000 | 324,000 | 340,200 | asilimia 11.5 |
| 400,000 | 405,000 | 424,000 | 445,200 | asilimia 9.9 |
| 1,000,000 | 1,005,000 | 1,060,000 | 1,113,000 | asilimia 10.7 |

Mtazame huyo wa katikati. Wa ngazi ya chini amebebwa na kiwango cha chini cha 24,000, ambacho kwake ni asilimia 8 ya mshahara wa msingi. Wa juu bonasi ya 60,000 haimuumi, kwake ni fedha ndogo. Wa 400,000 hakupata msaada wowote, maana asilimia 6 yake ni 24,000 kamili, na bonasi aliyopoteza ni ileile ya wengine.

Sasa weka mfumuko wa bei. Tuseme bei zinapanda asilimia 5 kila mwaka. Kwa miaka miwili hiyo ni asilimia 10.25. Mwenye 405,000 ya leo atahitaji kama 446,500 ili anunue vilevile anavyonunua leo, na makubaliano yanampa 445,200. Amebaki nyuma kwa 1,300 hivi kila mwezi. Ukifanya hesabu hiyohiyo kwa ngazi nyingine utaona kwamba wote wenye mshahara wa msingi wa kati ya 375,000 na 525,000 hivi wanabaki nyuma kidogo ya bei, na walio chini na juu yao wanapita.

Ukijua hivyo, umejua nani ataleta moto mkutanoni, na kwa haki. Katika sehemu nyingi za kazi ngazi hiyo ya kati ndiyo yenye watu wengi na wenye uzoefu, na wao ndio wanaosikilizwa na vijana.

Kwa hiyo hotuba yako imtaje mtu huyo. Usichague mfano wa slipu inayong'aa. Mwanachama akisikia kiongozi anachukua mfano mbaya kuliko yote na bado anaomba Ndiyo, ataanza kuamini na hesabu nyingine.

Malimbikizo nayo yana mtego wake. Kama nyongeza inahesabiwa kuanzia miezi minne nyuma, mwenye 400,000 anadai 24,000 mara nne, yaani 96,000. Tamka "kabla ya makato" kila unapotaja kiasi hicho. Kodi itakatwa, na pengine itakatwa kwa mkupuo kwa sababu fedha zimeingia mwezi mmoja. Ukiahidi 96,000 mkononi, mtu ataikopea.

Tahadhari: Malipo ya mara moja, yale ya "asante kwa kusaini", yasichanganywe kamwe na nyongeza. Hayaingii kwenye mshahara wa msingi, hayakui mwaka wa pili, na kwa kawaida hayahesabiwi kwenye mafao ya uzeeni. Yataje peke yake, mwisho, kwa sentensi moja.

Utajua umefanikiwa kama kila mwanachama anaweza kushika jedwali lako, kuweka kidole kwenye ngazi yake, na kujua atapata ngapi bila kuuliza.

## Hatua ya 3: Andika kilichopotea kabla ya kuandika kilichopatikana

Chukua karatasi tupu. Juu andika "Tulichoomba tukakosa" na chini "Tulichokuwa nacho tukakitoa". Jaza zote mbili kutoka kwenye orodha ya madai na mkataba wa zamani.

Hizo ni hasara za aina mbili na watu huzipokea tofauti. Kukosa ulichoomba watu wamezoea, kila mmoja anajua kwamba mtu huomba kumi apate sita. Kunyang'anywa ulichokuwa nacho ni jambo lingine. Inauma hata kama hesabu inaonyesha umefidiwa.

Mfano wa wazi ni Boeing, mwaka 2024. Viongozi wa chama cha mafundi mitambo walileta makubaliano ya awali ya nyongeza ya asilimia 25 kwa miaka minne na wakapendekeza yaridhiwe. Ndani yake bonasi ya mwaka ilikuwa imeondolewa, na pensheni ya zamani ambayo wafanyakazi walikuwa wakiidai haikurudi. Tarehe 12 Septemba wanachama waliyakataa kwa asilimia 94.6 na kuingia kwenye mgomo. Mwezi Oktoba walikataa pendekezo jingine, la asilimia 35. Mwanzoni mwa Novemba waliridhia la asilimia 38, kwa kura asilimia 59, na bonasi ilikuwa imekwisha kurudi. Pensheni haikurudi.

Sisemi kwamba hotuba bora ingeyaokoa yale ya kwanza. Pengine yalistahili kukataliwa. Ninachotaka ukione ni kwamba asilimia 25, namba ambayo kwenye gazeti inaonekana kubwa, haikuweza kufunika kitu ambacho watu walikuwa wakikipokea na sasa hakipo, wala kile walichokuwa wamekidai miaka yote.

Kwa kila hasara andika mambo matatu tu: tulidai nini, mwajiri alisimama wapi, na kwa nini tuliachia. Sababu iwe ya kweli. "Tuliona bora kuiachia bonasi ili tupate kiwango cha chini cha 24,000, kwa sababu bonasi hulipwa mara moja na haikui, lakini kiwango cha chini kinaingia kwenye msingi na hakitoki" ni sababu. "Hali ilikuwa ngumu" si sababu. Kama mlizidiwa nguvu tu, semeni hivyo.

Ukishamaliza, mpe karatasi yule mtu ambaye hakuwa kwenye kamati. Mwombe atafute hasara uliyoisahau. Wajumbe waliokesha mezani hujenga upofu fulani: kitu kilichoachiwa wiki ya kwanza wameshakizika, lakini wanachama wanakisikia leo.

Utajua umefanikiwa kama mtu huyo atarudi bila jambo jipya.

## Hatua ya 4: Panga hotuba, na ombi lako liingie mapema

Lenga dakika 15 hadi 20. Maswali yatachukua muda zaidi ya hotuba, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Hati kamili na jedwali viwe vimewafikia watu siku kadhaa kabla; mkutano ambao watu wanaona hati kwa mara ya kwanza mlangoni unaanza na shaka ambayo hutaimaliza.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu: hali ilivyo na ombi, kilichopatikana, kilichopotea, slipu ya mfano, njia ya Hapana, ombi tena, utaratibu wa kura. Shukrani kwa kamati ziwe sentensi moja, na zikae mwishoni.

Kwa nini ombi liwe mwanzo? Kwa sababu kila mtu ukumbini anajiuliza jambo moja tu, "Anataka tukubali au tukatae?" Ukiwaacha wabahatishe, watasikiliza kila sentensi kama mtego.

Dakika ya kwanza inaweza kwenda hivi:

> Ndugu wanachama, kamati yenu imesaini makubaliano ya awali na mwajiri. Hayajawa mkataba, na hayatakuwa mkataba mpaka ninyi mseme. Mshahara wa msingi unapanda asilimia sita sasa na asilimia tano mwakani. Katika nyongeza ya kwanza hakuna atakayepata chini ya elfu ishirini na nne kwa mwezi. Bonasi ya mwaka, ile elfu sitini, imeondoka. Tuliipigania na hatukuiokoa. Kamati, kwa kura saba dhidi ya mbili, inawaomba mpige kura ya Ndiyo. Nitawaeleza kwa nini, mtaniuliza, kisha mtaamua.

Angalia kwamba hasara imo ndani ya dakika ya kwanza, kwa sauti ileile iliyotaja faida. Yule wa nyuma aliyeshika ukurasa wa sita hana tena la kufichua. Atauliza swali, ndiyo, lakini atauliza kwa nini mliiachia, na hilo una jibu lake.

Sehemu ya slipu ya mfano isomwe polepole, namba moja baada ya nyingine. Mtu anayesikiliza hawezi kurudi nyuma kama anayesoma. Namba mbili kwa sentensi zinatosha:

> Tumchukue mwenzetu wa laki nne. Leo, ukiihesabu na bonasi, anapata laki nne na elfu tano kwa mwezi. Tukikubali, mwaka huu atapata laki nne na elfu ishirini na nne. Mwakani, laki nne na elfu arobaini na tano na mia mbili. Bei zikipanda asilimia tano kila mwaka, mwenzetu huyu atakuwa nyuma kwa elfu moja na mia tatu hivi kila mwezi. Silifichi hilo. Kwa asilimia, ngazi yake ndiyo iliyopata kidogo kuliko zote katika makubaliano haya.

Kwenye karatasi ya hotuba andika namba kwa maneno, kama unavyozitamka. Tarakimu kwenye jukwaa humfanya msomaji akwame, na kiongozi anayekwama kwenye namba ya fedha anaonekana hajui alichosaini.

Tahadhari: Usimsifu mwajiri, na usimtukane. Ukimsifu utaonekana umenunuliwa. Ukimtukana kwa dakika kumi kisha ukaomba watu wakubali alichotoa, umejipinga mwenyewe, na kuna atakayesimama akuambie.

## Hatua ya 5: Eleza njia ya Hapana bila kutisha na bila kuipamba

Sehemu hii huamua kura kuliko nyingine yoyote, na inaandikwa vibaya kwa namna mbili. Wapo wanaotisha: "Mkikataa, mtapoteza kazi." Wapo wanaoiruka kabisa, kana kwamba hakuna njia hiyo. Wanachama wanajua ipo, na ndiyo maana wamepewa kura.

Kwanza fungua katiba ya chama. Hapana ina maana gani kwenu? Katika vyama vingine Hapana inairudisha kamati mezani, basi. Katika vingine mgomo hupigiwa kura yake peke yake, tena kwa wingi mkubwa zaidi. Vipo ambavyo makubaliano hupita hata kama wengi wameyakataa, endapo theluthi mbili hazikupatikana kuunga mkono mgomo. Mtu anayepiga Hapana akidhani anamtisha tu mwajiri kidogo anahitaji kujua kura yake inafungua mlango upi.

Kisha toa hesabu ya mgomo, kwa pande zote mbili.

Upande wa gharama: mwezi mmoja bila mshahara ni mshahara wa mwezi mmoja. Asilimia 1 ya ziada ni sehemu moja ya mia ya mshahara huo. Kwa hiyo mgomo wa mwezi mmoja ukileta asilimia 1 zaidi, unahitaji miezi 100 kuurudisha. Ukileta asilimia 4, miezi 25. Mwenye 400,000 akirudishiwa bonasi tu, yaani 5,000 kwa mwezi, anahitaji miezi 80. Kama chama kina mfuko wa mgomo, taja unalipa kiasi gani na kwa muda gani, kisha ukitoe kwenye gharama.

Upande wa faida: asilimia iliyoingia kwenye msingi haitoki mkataba ukiisha. Nyongeza zote zijazo zinapigwa juu yake, malipo ya saa za ziada yanapigwa juu yake, mafao yanapigwa juu yake. Na mwajiri anayejua kwamba wanachama hawa hukataa atakuja mezani kwa namna nyingine safari ijayo. Hilo halina namba, lakini lina thamani, na ukilinyamazia atasimama mtu alieleze vizuri kuliko wewe.

Baada ya hapo sema unavyoliona wewe:

> Mkisema Hapana tutarudi mezani, na tutarudi kwa nguvu zetu zote. Siwezi kuwaahidi kwamba mwajiri ataongeza. Siwezi pia kuwaambia kwamba hataongeza. Ninachokijua ni kwamba wiki ya mwisho alisogea mara moja, kwenye kiwango cha chini, na kwenye bonasi hakusogea hata hatua. Maoni ya wengi kwenye kamati ni kwamba kuirudisha bonasi kutahitaji mgomo, na mgomo wa zaidi ya mwezi. Ndiyo maana tunaomba Ndiyo.

Tahadhari: Usiseme "hili ndilo pendekezo la mwisho kabisa" isipokuwa mwajiri amelisema hivyo kwa maandishi, na hata hapo sema kwamba ni yeye aliyesema. Mara nyingi pendekezo la mwisho hufuatiwa na jingine. Likifuata, maneno yako ndiyo yatakumbukwa.

Utajua umefanikiwa ikiwa mtu aliyekuja na nia ya kukataa anaweza kusema, "Ameieleza hoja yangu ilivyo."

## Hatua ya 6: Waweke waliopinga kwenye hotuba

Kamati ikigawanyika, wanachama watajua kabla hujafika ukumbini. Kwa hiyo taja mgawanyiko na utoe hoja ya wachache kwa sentensi moja ya haki: "Wenzetu wawili walipinga. Wanaona miaka miwili ni mirefu mno, na kwamba bonasi ingeokoka tukisubiri." Wape pia nafasi ya kusema mkutanoni, kwa muda uliopangwa.

Baadhi ya viongozi huona hii ni kujipiga mateke. Sikubaliani nao. Mjumbe aliyepewa dakika tano jukwaani huongea kwa adabu ya jukwaa. Aliyenyamazishwa huongea kwenye vikundi vya simu usiku kucha, na huko hakuna wa kumsahihisha hesabu.

## Hatua ya 7: Maswali

Pangia maswali mtu wa kuandika. Kila swali liandikwe, na lile ambalo halina jibu papo hapo lipewe saa ya kujibiwa kabla ya kura kufunguliwa.

Jibu kwa mpangilio uleule kila mara: jibu kwanza, namba ya ukurasa, kisha maelezo. "Hapana, likizo ya uzazi haikuguswa. Ukurasa wa tisa. Tulidai iongezwe, hatukupata." Kiongozi anayeanza na maelezo anasikika kama anakimbia.

Maswali matatu yatakuja bila shaka, yaandae kwa maandishi: Kwa nini bonasi? Kwa nini miaka miwili? Wewe binafsi unapata nini? Hilo la tatu lijibu kwa ngazi yako na kiasi chako, bila kununa. Kama mshahara wako hautokani na mkataba huu, sema hivyo.

Akinyanyuka mtu na hesabu tofauti na yako, usibishane kwa kumbukumbu. Mwite mbele, pigeni hesabu pamoja kwa kikokotoo huku watu wanaona. Mara nyingi tofauti ni kwamba mmoja ameingiza bonasi na mwingine hakuiingiza. Ikiwa yeye ndiye sahihi, rekebisha jedwali hapohapo na uwatangazie wasiokuwepo kabla ya kura.

## Hatua ya 8: Kura yenyewe

Maliza hotuba kwa kusoma swali la kura kama litakavyoandikwa kwenye karatasi, neno kwa neno, kisha maana ya kila jibu:

> Swali ni: Je, unaridhia makubaliano ya awali yaliyosainiwa? Ndiyo maana yake yanakuwa mkataba. Hapana maana yake kamati inarudi mezani na mkataba wa zamani unabaki kama ulivyo kwa sasa.

Hiyo sentensi ya Hapana ibadilishe ifuate katiba yenu na sheria inayowahusu, hasa kuhusu nini hutokea mkataba wa zamani ukishakwisha muda.

Kura iwe ya siri, hata kama katiba inaruhusu kunyoosha mikono. Kwa mikono, mtu huangalia jirani yake na msimamizi wake. Makubaliano yaliyopita kwa mikono yataitwa ya kulazimishwa mara tu slipu ya kwanza itakapomkera mtu. Wahesabuji wasiwe wajumbe wa kamati ya majadiliano, na kila upande uwe na shahidi.

Tangaza matokeo kwa idadi ya kura pamoja na asilimia, na idadi ya waliojitokeza. Ndiyo ikishinda kwa asilimia 52, usitangaze ushindi mkubwa. Utamhitaji yule wa 48 miaka miwili ijayo. Hapana ikishinda, usiseme wanachama hawakuelewa. Soma matokeo, waulize waliokataa ni kifungu gani hasa kiliwakera, andika majibu kwa ngazi zao, na umpe mwajiri taarifa rasmi siku hiyohiyo. Karatasi ile ya majibu ndiyo kamati itakayorudi nayo mezani.